«Usikule, usikunywe toka saa sita»: karatasi ya operesheni ambayo kila mtu anaisoma yake

Kabla ya operesheni, mgonjwa anaweza kurudi nyumbani na sentensi moja tu: «Usikule wala usikunywe kitu toka saa sita.» Mwenye kuiandika anaona iko wazi. Mpatie mama anayeuza vitenge hapa Birere, utaona inaweza kusomwa njia nyingi, na zingine ni hatari.

Tuanze na saa. Saa sita ya usiku ama ya mchana? Tena karatasi nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa. Kama imeandikwa maji mwisho «6h00», ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Lakini mtoto anayemusomea mama yake anaona namba sita, anasema «saa sita». Mama anaelewa mchana, anaingia bloki akiwa amekunywa chai ya maziwa muda mfupi mbele.

Hatari yenyewe ni hii: dawa ya usingizi inalaza hata koo. Chakula kikipanda toka tumboni, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Daktari Mmarekani Curtis Mendelson alieleza jambo hilo mwaka 1946, kwa wanawake waliopewa usingizi wakati wa kuzaa. Maji safi yanatoka tumboni haraka, chakula kinakawia. Ndiyo maana kanuni zinazofuatwa leo katika nchi nyingi zinaruhusu maji mpaka saa mbili mbele ya usingizi. Chakula chepesi au maziwa ya ngombe ni saa sita mbele, na nyama au vyakula vya mafuta ni saa nane ao zaidi.

Neno la pili ni «kunywa». Kwa Kiswahili chetu dawa tunakunywa. Ukiambia mtu asikunywe kitu chochote, umemukataza pia komprime zake, hata kama haukufikiria hivyo. Mwenye kifafa anaruka dawa ya asubuhi, anaanguka akiwa bado anangojea zamu. Mwenye kutumia propranolol kwa tansio, akiikata kwa ghafla, moyo unaweza kupiga mbio na tansio kupanda.

Na «kufunga»? Muislamu anaweza kuamka alfajiri akule daku, kwani kwake kufunga kunaanza hapo. Mkristo anaweza kufunga chakula na kuendelea na maji. Wote wawili wametii walichosikia. Mimi naona neno hilo litoke kabisa kwenye karatasi.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58 atapasuliwa ngiri Jumatano, saa mbili ya asubuhi. Anakunywa amlodipine kwa tansio na metformin kwa sukari. Karatasi yake inaweza kusema hivi:

«Jumanne jioni: kula fufu na sambaza kama kawaida, umalize mbele ya saa tatu ya usiku (21h00). Kisha usikule tena, hata uji, hata maziwa. Jumatano asubuhi: maji matupu unaweza kukunywa mpaka jua linapotoka, saa kumi na mbili (6h00). Kisha hapana. Dawa ya tansio: meza ile ya kila asubuhi, na funda moja la maji. Dawa ya sukari: Jumatano asubuhi USIMEZE. Utairudilia ukianza kula, muganga akikuambia.»

Ona kwamba siku ina jina lake. «Siku moja mbele» inaleta mabishano nyumbani. Saa imeandikwa namna mbili, na alama ya jua inasaidia asiye na saa. «Meza» imechukua nafasi ya «kunywa».

Lakini jina la dawa halitoshi. Wengi wananunua komprime kwa hesabu, ndani ya kisashe, wanazijua kwa rangi. Mgonjwa alete zote, muuguzi aandike juu ya kila kisashe: «meza Jumatano» au «usimeze Jumatano». Kisha amuombe mama aeleze kwa maneno yake atafanya nini asubuhi. Kumuuliza «umeelewa?» hakusaidii kitu, kila mtu anaitika ndiyo.

Karatasi ya mama huyu haifai kwa jirani yake. Mwenye kuchoma insulini asiiache yote kwa akili yake. Kipimo chake kinapangwa na muganga. Dawa zingine za tansio zinaachwa siku moja mbele, na zile za kufanya damu iwe nyepesi zinaweza kuachwa siku kadhaa. Operesheni ya haraka nayo haingojei saa hizi: waganga wanachukua kwamba tumbo limejaa, na wanajipanga hivyo.

Linabaki jambo la programu inayosogezwa. Ukiwa wa saa mbili, kisha wakakuambia saa nane ya mchana, uliza palepale: «Naweza kukunywa maji mpaka saa ngapi?» Mwenye sukari aseme pia kama anatetemeka au anatoka jasho, maana sukari inaweza kuwa imeshuka.