Ndevu kidevuni? Dawa ipo, lakini ipe miezi sita

Dada, ikiwa kila asubuhi unang'oa nywele kidevuni kabla ya kukimbilia matatu, mara nyingi chanzo ni homoni. Mwili wa kila mwanamke hutengeneza androjeni, zile tunazoziita homoni za kiume. Zikizidi, vinyweleo laini vya kidevuni, kifuani na tumboni hugeuka kuwa nywele nene, nyeusi. Hedhi nayo ikianza kuruka miezi, huenda ni tatizo la ovari ambalo madaktari huliita PCOS.

Daktari anaweza kukuandikia vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo hupunguza androjeni. Shida ni kwamba wengi huviacha baada ya mwezi mmoja wakidai havifanyi kazi. Vidonge having'oi nywele zilizokwisha kuota. Hupunguza kasi ya zinazofuata, na tofauti huonekana baada ya takriban miezi 6. Kwa sasa nyoa tu. Wembe haunenepeshi nywele.

Ila zikichipuka ghafla na sauti yako kuwa nzito, usingoje. Huenda ni uvimbe unaotoa homoni hizo. Muone daktari wiki hii hii.