Kii ni ya Mwimbaji, Sio ya Mpiga Gitaa

Leo nitasema wazi, na mkitaka mnitukane kwa komenti. Wapiga gitaa na vinanda wengi kutoka Karatina hadi Nanyuki wanaua sauti za waimbaji wetu, hasa akina dada, halafu wanageuka kusema dada hajui kuimba.

Mnajua vile huenda. Gitaa ya mugithi iko G. Imekuwa G tangu saa tatu usiku, kwa sababu mwenye gitaa ni mwanaume na G inamkaa vizuri. Dada anaitwa jukwaani aimbe wimbo mmoja, na hakuna anayemuuliza kitu. Kwa ubeti anapotelea chini, maneno hayasikiki, mtu wa mitambo anaongeza maiki hadi inapiga mluzi. Anaamua kupanda juu, na kwa kiitikio inakuwa mayowe, kidevu kimeinuka, mishipa ya shingo imetoka. Kesho yake mnasema, "Yule hana sauti." Sauti anayo. Ni kii mliyomnyima.

Jumapili ni hadithi ile ile kanisani. Mpiga kinanda ameskiza wimbo YouTube, ameupata kwa kii ya aliyerekodi, na sasa hiyo ndiyo sheria. Ukiuliza mbona tusishushe, unaambiwa "hiyo ndiyo orijino." Orijino ya nani? Aliyerekodi alichagua kii ya koo lake yeye. Na mwanaume akiimba wimbo wa Queen Jane, aliyetuacha 2010, hakuna anayemdai orijino. Anauhamisha hadi pale anaposikia raha. Kumbe kii huwa takatifu tu wakati anayeumia ni dada!

Cha kuudhi zaidi ni kwamba hii elimu iko kwetu tangu zamani. Kwaya za kanisa za hapa, Tumutumu na kwingineko, zimelelewa na solfa: do, re, mi. Siri yote ya solfa ni kwamba do haina kwao. Juu ya karatasi mwalimu anaandika "Do ni G", na wasoprano wakilalamika anafuta anaandika "Do ni F". Wimbo unabaki ule ule, maana umbali kati ya noti haujabadilika. Kinachohama ni mahali pa kuanzia.

Sasa tufanye hesabu pamoja, sio ngumu. Chukua wimbo wenye kodi nne (za gitaa, sio za KRA): G, Em, C, D. Kabla ya kushika gitaa, imba wimbo wote na utafute noti mbili tu, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Tuseme ya chini ni so iliyo chini ya do, na ya juu ni la iliyo juu ya do. Kwa kii ya G, so ni D na la ni E.

Halafu mpime mwimbaji. Usimuulize "unaweza kufika wapi?", kwa sababu kila mtu akibanwa anaweza kufika mbali. Mwambie aimbe mstari mgumu mara tatu mfululizo, kwa nguvu ya jukwaani, akishikilia noti ya mwisho. Pale noti inapoanza kushuka kidogo, au "a" inageuka kelele, dari lake ni chini ya hapo. Pale chini, sauti ikibaki pumzi tupu, umeshapita sakafu. Na mpime kwa saa atakayoimba. Koo la saa moja asubuhi kwenye baridi ya Nyeri sio koo la saa nne usiku.

Tuseme dada yetu sakafu yake ni A iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda, na dari lake ni C iliyo oktavu moja juu ya hiyo C ya katikati. Hesabu kila kibonye, cheupe na cheusi. Wimbo ukibaki G na aimbe pale mwanaume anapoimba, noti ya chini iko vibonye saba chini ya sakafu yake. Akipanda oktavu, E ya juu iko vibonye vinne juu ya dari. Huko ndiko kupotea na kupiga mayowe tulikoona. Hakuna mazoezi ya wiki moja yatakayoziba hilo pengo.

Shusha ile oktavu ya juu vibonye vitano: do inatoka G inakuwa D. So ya chini inatua A, kwenye sakafu yake kamili. La ya juu inatua B, na bado ana kibonye kimoja hadi dari. Kodi zote zinashuka vitano hivyo hivyo: G inakuwa D, Em inakuwa Bm, C inakuwa G, D inakuwa A. Kwa nambari ni 1, 6, 4, 5 kabla na baada, hakuna kilichoharibika. Na nyinyi mnaopenda kupandisha kii mwishoni ili watu wapige vigelegele, hapa mna kibonye kimoja tu. Mkipandisha viwili mnamvunja.

Najua wapiga gitaa watasema mipigo ya mugithi inahitaji nyuzi wazi. Hiyo ni hoja ya kweli, na jibu lake ni kapo. Ukibaki na mikono ya G utafunga kapo freti ya saba, na gitaa italia nyembamba kama ya mtoto. Badala yake funga freti ya pili na ucheze C, Am, F, G. Kinachosikika ni D, Bm, G, A, na nyuzi zako wazi bado unazo. Mipigo michache utaipanga upya, sawa. Vidole vyako vinaweza kujifunza mahali papya. Koo halikati wala kuongeza urefu kwa sababu umeliamuru.

Wa kinanda wana kitufe cha TRANSPOSE, na sina shida nacho. Weka -5, cheza mikono yako ya G, kitalia D. Shida ni pale unapomwambia wa besi "tuko G". Yeye anapiga G ya kweli, wewe unatoa D, na kanisa zima linafikiri mwimbaji ndiye ametoka nje. Sheria ni moja: taja kii inayosikika, halafu wimbo ukiisha rudisha sifuri.

Kuna nyimbo ambazo hakuna kii itakayoziokoa. Huu wetu una upana wa vibonye 14, na dada ana 15, kwa hivyo ni D au Eb peke yake. Wimbo ukiwa na 18, acha kuzungusha kii: badilisha noti moja au mbili za juu, au mpe mwingine huo mstari.

Hiyo kazi yote ni dakika kumi kabla ya mazoezi. Kwa hivyo, buda, kabla useme dada hajui kuimba, tuambie hapa chini: sakafu yake ni gani, na dari lake ni gani? Kama hujui, ulikuwa unampimia nguo kwa mwili wako.