Mtoto hali nyama? Hesabu yai kwa gramu, si kwa mazoea

Wazazi wengi wenye mtoto asiyekula nyama wala samaki hutulia wakishampa mayai mawili asubuhi. Yai ni protini nzuri kweli, lakini moja la ukubwa wa kawaida lina takriban gramu 6 tu. Kiasi hicho kinakaribiana na nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa, yenye gramu 7 hivi, na ni pungufu ya kikombe cha maziwa cha mililita 250, chenye gramu 8.

Mtoto wa miaka 10 huhitaji karibu gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Chukua binti wa umri huo mwenye kilo 30, ambaye lengo lake ni gramu 30. Asubuhi amekula mayai mawili, gramu 12. Mchana amekula wali kikombe kimoja na nusu, gramu 6, na mchicha, gramu 2. Jioni amekunywa chai ya rangi na slesi mbili za mkate, gramu 5. Jumla ni 25. Ameshiba, lakini bado ana upungufu.

Sasa punguza yai moja. Mchana ongeza nusu kikombe cha maharage, na jioni badala ya chai mpe kikombe cha maziwa. Jumla inafika gramu 34, na yai lililobaki linamfaa ndugu yake.

Faida ya maharage haiishii kwenye gramu. Protini ya nafaka ina upungufu ambao maharage huuziba, na ya maharage ina upungufu ambao nafaka huuziba. Si lazima vikutane kwenye sahani moja. Inatosha viliwe siku hiyo hiyo. Yai na maziwa vina protini iliyokamilika, hivyo siku ambayo mayai hayapo, maziwa au mtindi huziba pengo.

Hesabu huharibika pale yai linapochanganywa kwenye chakula. Keki ya mayai manne iliyokatwa vipande 16 humpa mtoto robo ya yai kwa kipande, yaani gramu moja na nusu. Usiiandike kama yai zima. Usitupe kiini pia, kwani kina karibu nusu ya protini ya yai.

Jambo moja yai haliwezi kulibeba: madini chuma. Yai lina kidogo, na mwili hukifyonza kwa shida. Maharage na dengu vina zaidi, hasa vikiliwa na chungwa au vikikamuliwa limau. Chai isubiri saa moja hivi baada ya mlo, maana huzuia madini hayo. Mtoto akichoka haraka, na viganja na ndani ya kope vikipauka, mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Kumwongezea mayai hakutatibu hilo.