Bukavu: Anayegonga mlango akisema ni ajenti wa SNEL

Tuchukue nyumba moja ya Kadutu. Asubuhi kijana anagonga, ana kadi shingoni na daftari mkononi. Anasema SNEL imemtuma kuangalia mita. Baba yuko kazini. Mama anaambiwa kuna deni, lakini akitoa kitu kidogo sasa hivi umeme hautakatwa.

Ujanja huu unapata nafasi Bukavu kwa sababu nyumba nyingi hazina mita. Zinalipa kiasi kilekile kila mwezi, kwa hiyo hakuna namba ukutani ya kupinga deni hilo. Wengine wanajua nyaya zao ziliunganishwa kienyeji. Hao hulipa upesi kwa woga na hawathubutu kushitaki. Na tangu M23 ichukue mji Februari 2025, si rahisi kujua nani ana ruhusa ya kuingia kwa watu.

Kadi haitoshi, inachapishwa popote. Kinachomkwamisha mwongo ni faktire. Mama abaki ndani, amwombe ataje namba ya mteja, kisha ailinganishe na faktire ya mwezi uliopita bila kumwonyesha. Penye mita ya kulipia kabla, hakuna deni la matumizi ya mwezi: pesa inanunua namba ya tarakimu 20 ya kuingiza kwenye mita. Asiyeitoa hajauza umeme.

Ajenti wa kweli mwenye tamaa ataijua namba ya mteja. Huyo aambiwe aache karatasi ya deni, familia italipa yenyewe ofisini na kuchukua risiti.