Bibi ni nani? Tuulizane polepole

Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Ituri walivuka ziwa Albert kwa pirogi. Wengi walishuka Sebagoro, upande wa Uganda, kisha wakapelekwa kwenye mapokezi ya Kagoma, kule Kyangwali. Hata leo anayevuka anasimama mbele ya meza ya karani. Sisi tunaona kwamba kujua Kiswahili hakumtoshi huyo karani.

Tuseme mchimbaji wa Mongbwalu anaulizwa: uko na nani? Anajibu: niko na bibi na watoto bane. Kwetu bibi ni mke. Karani aliyejifunza Kiswahili cha Tanzania anasikia mama wa mzazi wake. Akiandika mbiombio, mke anapotea kwenye karatasi, na mwanaume anaonekana kama mjane anayetunza mzee. Kurekebisha hilo ni kurudi kupanga mulongo siku ingine.

Kwa hiyo asalimie kwanza: karibu, papa, pole na ziwa, ikala. Halafu ulizo moja, anyamaze, angojee. Asiseme "umeelewa?", maana mtu aliyelala ndani ya pirogi atajibu ndiyo kwa kila kitu. Aulize: huyu ni mama ya watoto wako? Mwishoni asome majina yote kwa sauti, moja moja, mbele ya kuchukua alama za vidole.

Na ninyi mnaovuka, musiogope kusema: papa, rudilia, sikusikia muzuri.