Mjane Asipimwe kwa Mali Ambayo Hajaishika

Ndugu wananchi wa Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu, wazee wa koo, viongozi wa mitaa, wa dini na wa vyama vya ushirika: waraka huu unahusu wajane wanaoshindwa kufungua mirathi kwa sababu hawana fedha. Mjane wa aina hii anapoomba kusamehewa ada au kupatiwa msaada wa kisheria, jibu analokutana nalo mara nyingi ni kwamba yeye si maskini, kwani marehemu ameacha shamba la mizabibu na nyumba. Jibu hilo linasikika kuwa la haki, lakini limegeuza mambo juu chini. Shamba hilo hawezi kuliuza wala kuliwekea rehani, na akiba ya mumewe iliyoko katika chama hawezi kuitoa, mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe. Msimamizi naye hateuliwi mpaka shauri lifunguliwe. Kumwambia alipe kwa mali ya marehemu ndipo afungue shauri ni kumtaka atumie kile anachokwenda kukiombea ruhusa ya kukigusa. Tunaomba mtaa, kata na mahakama vikubaliane juu ya kipimo kimoja: umaskini wa mjane upimwe kwa kilichomo mkononi mwake leo.

Tuchukue mfano wa mjane mwenye watoto wanne, ambaye marehemu amemwachia ekari moja ya mizabibu, nyumba ya udongo na akiba kidogo katika ushirika. Kabla hajafika mahakamani anatakiwa awe na cheti cha kifo kutoka RITA, na kwa mtu wa Hombolo hiyo ni safari ya mjini, kilomita zipatazo 40, inayorudiwa kila karatasi moja inapokosekana. Anatakiwa pia awe na muhtasari wa kikao cha ukoo, na kikao hicho huambatana na chakula na nauli za wazee waliotoka mbali. Kisha anahitaji barua ya mtendaji. Hapo ndipo anapojaza Fomu Namba 1 ya mahakama ya mwanzo, anapewa kontroli namba, analipa ada, na tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo likitakiwa gazetini, gharama yake inaweza kuipita ada yenyewe. Muda wote huo mizabibu inataka kupogolewa na kupigwa dawa, na zabibu zikiiva hazimsubiri hakimu. Shemeji mwenye nauli mfukoni anaweza kuwahi mahakamani akateuliwa yeye, na mjane akapata habari baada ya mavuno kuuzwa.

Sheria zetu hazijamtupa mtu huyu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua mtu ambaye kipato chake hakimwezeshi kumlipa wakili, na inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hawa humwelekeza mhitaji mahali pa kwenda, humsaidia kupata nyaraka na hawaruhusiwi kumtoza fedha. Katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 33 imeweka utaratibu wa maskini kufungua madai bila kulipa ada kwanza. Amri hiyo ni ya mahakama za ngazi ya wilaya na kwenda juu, wala haitawali moja kwa moja mirathi ya mahakama ya mwanzo, lakini hekima iliyomo ndiyo tunayoihitaji. Katika kupima nani ni maskini, haihesabu nguo zake za lazima wala kitu chenyewe kinachodaiwa. Waliotunga kanuni hiyo waliona kwamba mali inayobishaniwa haiwezi kumlisha mdai wala kumlipia ada. Kama mantiki hiyo inamfaa mtu anayedai deni mahakama ya wilaya, inamfaa zaidi mjane anayeomba usimamizi wa ekari moja.

Wapo watakaosema kwamba msamaha wa ada utapunguza mapato ya Serikali na kuwapa mwanya wenye uwezo wajifanye fukara. Hofu ya kwanza inajibiwa na Amri hiyo hiyo, kwa kuwa maskini akishinda, mahakama hukokotoa ada ambayo angelipa na Serikali huweza kuidai. Katika mirathi tunaweza kuomba utaratibu wa namna hiyo: ada iwekwe kama deni la mali ya marehemu, ilipwe akiba ikishatolewa au mavuno yakishauzwa. Hofu ya pili ina uzito, na dawa yake ni ushahidi unaoonekana. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF imekwishapitishwa na mkutano wa wananchi, kwa hiyo hakimu anaweza kuitegemea orodha hiyo. Kwa mjane asiyemo katika mpango, barua ya mtendaji ieleze mambo yanayoweza kuhakikiwa: ana wategemezi wangapi, anaishi kwa kibarua gani, na ni mali ipi iliyo kwa jina lake mwenyewe. Barua isemayo tu kwamba huyu hana uwezo haimsaidii yeye wala hakimu.

Wengine watasema mirathi ni jambo la ukoo, na kumsaidia mjane kwenda mahakamani ni kuwasha moto ndani ya familia. Kikao cha ukoo kina kazi yake na hakuna anayekifuta. Lakini kikao hakina nguvu ya kumfanya aliyekabidhiwa mali atoe hesabu, na mahakama inayo. Katika mahakama ya mwanzo msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa apeleke Fomu Namba 5 na Namba 6, yaani orodha ya mali na hesabu zake. Huo ndio ulinzi wa watoto wa marehemu, na wazee wenye nia njema hawapotezi kitu kwa mali kuandikwa. Ikumbukwe pia kwamba msimamizi si mrithi. Kuteuliwa kwa mjane hakumpi mali yote, kunampa wajibu wa kuikusanya, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili.

Gharama ya kutosaidiana tumekwishaiona nchini. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliokuwa mafundi cherehani, walifukuzwa katika nyumba walizoishi na waume zao, na wakapinga kanuni za mila za 1963 zinazomnyima mjane urithi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi lakini haikuzitengua. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika amri iliyokatiwa rufaa. Ni mwaka 2015 tu ambapo kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Wajane hao walikuwa na wanasheria wa msaada, na bado tarehe moja iliangusha kazi ya miaka. Mjane asiye na mtu wa kumsomea karatasi zake yuko katika hatari kubwa zaidi, hasa akifungua shauri katika mahakama isiyo na mamlaka. Mahakama ya mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu, kwa hiyo kwa marehemu aliyekuwa Mkristo swali la mahakama ipi lazima liulizwe mapema. Shauri likifutwa kwa kosa hilo baada ya mwaka, msamaha wa ada unakuwa umepotea bure.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Mikutano ya mitaa ipitishe azimio kwamba barua ya mjane anayefungua mirathi haitozwi chochote, na kwamba itaandikwa kwa kirefu kama tulivyoeleza. Wazee wa koo wakubali kikao kisicho na karamu, muhtasari uandikwe na kusainiwa siku hiyo hiyo, na mjane apewe nakala. Makanisa, misikiti na vyama vya ushirika vichange mfuko mdogo wa nauli, cheti cha kifo na tangazo, kwa maana hayo msamaha wa ada hauyagusi. Na kila kata iwe na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, anayejulikana kwa jina, atakayekaa na mjane kabla hajajaza fomu, athibitishe mahakama inayohusika, na kumsaidia kuandika ombi la msamaha wa ada. Ombi hilo lifike kwa hakimu kabla kontroli namba haijatolewa, kwa kuwa fedha ikishalipwa ni vigumu kuirudisha. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko hapa hapa Hombolo. Tunakiomba kitusaidie kuandaa mfano wa barua na wa muhtasari ambao watendaji wetu watautumia. Ajenda hii iingizwe katika mkutano ujao wa kila mtaa, na azimio lipelekwe kwa maandishi kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo ili ajue kwamba mjane anayesimama mbele yake amehakikiwa na jirani zake.