«Mushahara wa kuvutia»: ni franga ngapi?

Wandugu vijana wa Malemba-Nkulu, afishi moja imezunguka hapa kwetu kwa simu na kwenye kuta. Jina la wenye kuibandika tunaliacha. Ilisema hivi: «Tunatafuta vijana wenye nguvu na moyo kwa kazi ya kutembea vijijini. Uzoefu wa kutosha unaombwa. Mushahara wa kuvutia. Kipindi cha kujaribiwa. Leta dosye bila kukawia.»

Soma tena. Utafanya nini asubuhi? Hakuna.

Rafiki yetu mumoja aliingia kazi ya namna hiyo. Kisha kuanza ndipo aliambiwa: franga 300.000 kwa mwezi, na pikipiki ni yake. Esanse litri 2 kila siku, siku 22, ni litri 44. Yeye alikuwa ananunua litri moja 5.000, basi 220.000 zilikwisha njiani. Alibaki na 80.000, bila kuhesabu tairi. Mushahara haukuwa uongo. Afishi ilinyamaza tu juu ya pikipiki.

Sisi tungeiandika hivi:

«Wakusanya habari 4, kontra ya miezi 3, Malemba-Nkulu na Mulongo. Kazi: kutembelea nyumba 10 kwa siku, kuuliza maswali kwa Kiluba ao Kiswahili, kuyajaza ndani ya simu na kuyatuma mangaribi. Siku 5 kwa juma, saa 8 kwa siku. Lazima: diplome ya Eta, kusema Kiluba, kujua kuendesha pikipiki. Asiye na uzoefu atafundishwa siku 3, na siku hizo zinalipwa. Mushahara: franga 900.000 mkononi, siku ya mwisho ya mwezi. Pikipiki, esanse na simu ni vya mwajiri. Kujaribiwa: wiki 2, kwa mushahara uleule. Dosye ni bure.»

Hesabu za mushahara ni mufano wetu, kila mwajiri aweke zake. Lakini angalia neno «mkononi»: bila hilo, hujui kama wanakatwa kwanza. Na «nguvu na moyo» tumefuta, maana hakuna mutu anaweza kuvipima. «Kiluba» kinapimwa kwa dakika tano.

Juu ya kujaribiwa, tusidanganywe. Code du travail ya 2002 inataka kipindi hicho kiandikwe. Kisipoandikwa, umeajiriwa kabisa. Hakiwezi kupita mwezi 1 kwa kazi ya mikono isiyo na ufundi, ao miezi 6 kwa kazi ingine. Tena ni kazi ndani ya kontra, kwa hiyo inalipwa. Mwenye kusema «kwanza jitolee, tutaona», huyo hajakujaribu, amekutumia.

Afishi si kontra, tunajua. Mwajiri anaweza kuandika vizuri na kubadilisha mbele ya meza. Ndiyo maana piga picha ya afishi siku ya kupeleka dosye, na siku ya kutia sahihi uiweke pembeni ya kontra, usome mustari kwa mustari: mahali, saa, franga, esanse. Kitu kikikosekana, omba kiandikwe kabla ya kalamu yako kugusa karatasi.